Onyo la YouTube: Mafunzo ya Sera na Mahali Linapoonekana

Muradi wa mada hii ni jambo moja ambalo wenye chaneli aghalabu hulidhania kinyume: kwamba aliyepewa onyo kwa kukiuka mwongozo wa jamii, akimaliza mafunzo ya sera, onyo hilo hufutika papo hapo. Sivyo. Mafunzo hayafuti onyo. Hufungua tu muda wa siku 90, ambao ukitimia onyo huondoka, na usipoanza, onyo hubaki juu ya chaneli daima.

Kabla ya Agosti 2023, onyo la kwanza halikuwa na ukomo. Tangu hapo mhusika amepewa hiari ya kusoma somo fupi juu ya sera ile ile aliyoivunja, lenye mifano na maswali ya kuchagua jibu, kisha muda wake uanze kuhesabiwa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwenye chaneli ya tiba za mitishamba amesema katika video yake kwamba mgonjwa wa saratani aache matibabu ya hospitali anywe kitunguu saumu. Video ikaondolewa, naye akapata onyo tarehe 1 Machi kwa sera ya taarifa potofu za tiba. Akiingia YouTube Studio kwa kompyuta, katika ukurasa wa `Dashboard` atakuta kadi ya `Channel violations`, na humo ndimo atakamoona hali ya onyo na njia ya kuyaendea mafunzo. Kadhalika, katika ukurasa wa `Content`, safu ya `Restrictions` humwonyesha video iliyohusika na sababu yake. Akimaliza mafunzo tarehe 10 Machi, atarudi kwenye kadi ile na kulikuta onyo lingalipo. Asitaharuki, kwani siku 90 huhesabiwa kuanzia kumaliza, wala si kuanzia kuonywa, na zitatimia tarehe 8 Juni.

Lakini akirudia kuvunja sera hiyo hiyo ndani ya muda huo, onyo halitaondoka, na chaneli itapigwa adhabu, ambayo ya kwanza humzuia kupakia video kwa wiki nzima. Akivunja sera nyingine baada ya mafunzo, hupata onyo jingine.

Mambo mawili huwapotosha wengi. La kwanza ni kuifuta video kwa mikono yao wakitaraji kwamba onyo litafuatana nayo. La pili ni kudhani kwamba mafunzo huirejesha video iliyoondolewa. Yote mawili ni batili. Aliye na hoja kwamba amehukumiwa isivyo haki, mlango wake ni rufaa, nayo huanzia kwenye kadi ile ile. Asiye na hoja, basi na asiakhirishe mafunzo, kwa kuwa kila siku anayoichelewesha husogeza mbele ile siku ya kuondokewa na onyo.