Ndama Anapokohoa Bondeni

Leo nataka tuzungumze habari ya kikohozi. Si kikohozi cha watoto, bali kile cha ndama kinachosikika asubuhi na mapema, wakati wa mvua, katika nyanda za juu zenye baridi kama Rungwe, Njombe na Lushoto. Wafugaji wengi wakikisikia husema ni mafua ya baridi, yatakwisha jua likiwaka. Mara nyingine ni kweli. Mara nyingine ndama amekwisha jaza mapafu yake minyoo, na siku za kumwokoa zinahesabika.

Nitaanza na mfugaji mmoja wa Rungwe niliyemtembelea msimu wa mvua uliopita. Alikuwa na ndama 7, wote wa kunyonyeshwa kwa ndoo, wote hawajawahi kulisha nje. Mvua zilipokolea na majani kushamiri bondeni, aliwafungulia ndama wale katika kipande kilichozoea kulishwa na ng'ombe wakubwa. Majani yalikuwa ya kijani, laini, na umande haukauki hadi saa nne. Mfugaji alifurahi, na nani asingefurahi?

Siku ya 16 ndama mmoja alikohoa baada ya kukimbizwa na mbwa. Siku ya 18 walikohoa watatu, hata wakiwa wamelala. Mfugaji alikwenda duka la dawa za mifugo, muuzaji akampa oksitetrasaiklini ya kudunga. Alidunga siku tatu, kikohozi kikaendelea. Siku ya 19 alipeleka kinyesi kupimwa, na jibu likaja kwamba hakuna minyoo. Basi akaendelea kusubiri. Siku ya 27 ndama mmoja alikufa akiwa ameinyoosha shingo, mdomo wazi, ulimi nje.

Bwana mifugo alipofika alifanya jambo moja la busara ambalo ningependa kila mfugaji alijue. Kabla mapafu hayajatolewa wala kuoshwa, alilipasua bomba la hewa kwa kisu, kuanzia kooni hadi linapogawanyika kuingia mapafuni. Ndani kulikuwa na povu, na katika povu minyoo myeupe kama nyuzi za kushonea, baadhi yao warefu kama kidole cha shahada. Mfugaji aliniambia kwamba alikaa chini kwenye majani asiseme neno.

Sasa tuulize: yule aliyepima kinyesi alikosea? Hapana. Hapa ndipo mahali pa kuelewa minyoo hawa wanavyoishi, maana wakati wa kutibu unategemea hapo.

Mnyoo jike hukaa katika bomba la hewa na matawi yake, hutaga mayai humo. Ndama anapokohoa mayai hupanda hadi kooni, humezwa, na njiani humo yanaanguliwa. Wanaotoka na kinyesi ni minyoo wachanga, ambao wataalamu huwaita lava. Katika kinyesi hawali chochote; huishi kwa akiba waliyozaliwa nayo. Kukiwa na joto la kutosha na unyevu, kwa muda wa siku 5 au wiki moja hivi wanakuwa tayari kumwambukiza ng'ombe. Jua kali na ukavu huwaua upesi. Baridi na umande huwahifadhi kwa wiki nyingi.

Swali ni hili: watatokaje kwenye rundo la kinyesi kufika kwenye majani, na ng'ombe hapendi kula majani yaliyo karibu na kinyesi chake? Mvua huwasambaza, na kwato za wanyama pia. Lakini kuna msaidizi mwingine wa ajabu. Juu ya kinyesi cha ng'ombe huota kuvu mdogo aitwaye pilobolusi, mwenye kichwa cheusi kama punje ya haradali. Lava hupanda juu ya kuvu huyo. Shinikizo la maji likijaa ndani yake, kile kichwa hupasuka na kurushwa hadi mita 2 au 3, kikiwa na abiria wake. Kwa hiyo mfugaji anayejipa moyo kwamba ndama wake hawagusi majani ya karibu na kinyesi anajidanganya.

Ndama akishawala, lava hupenya ukuta wa utumbo, hupita kwenye tezi, na kwa muda wa wiki moja huwa wamefika mapafuni. Huko huanza kukua, nayo mapafu huwaka na kuvimba. Kikohozi huanza hapo, wiki ya pili au ya tatu. Lakini minyoo hao bado ni wachanga, hawatagi. Mayai huanza wiki ya nne hivi. Kinyesi cha siku ya 19 hakikuwa na kitu cha kuonyesha! Siku ile ya 27 bwana mifugo alichukua kinyesi kibichi kutoka moja kwa moja kwenye njia ya haja ya ndama wa pili, akakifunga katika kitambaa, akakining'iniza usiku kucha katika faneli yenye maji vuguvugu. Asubuhi lava walikuwa wamezama chini, wanajongea polepole chini ya darubini. Kinyesi kilichookotwa ardhini hakifai, kwa kuwa minyoo ya udongo huingia humo na kumchanganya mpimaji.

Basi jibu la hapana si ruhusa ya kusubiri pale ambapo ndama wa mwaka wa kwanza wamekuwa kwenye malisho mabichi kwa wiki mbili au tatu na wanakohoa kadhaa kwa pamoja. Hiyo peke yake inatosha kuita mtaalamu.

Lakini nisimfanye mtu akimbilie dawa ya minyoo kwa kila kikohozi. Kwetu kuna ndigana kali, na ndama wa ndigana naye huhema na kutoa povu puani. Tofauti iko hapa: wa ndigana huwa na homa kali, na mitoki iliyovimba, hasa ile ya chini ya sikio na mbele ya bega. Mwenye minyoo ya mapafu, kama hajaingiliwa na bakteria, mara nyingi hana homa kubwa, mitoki haikuvimba, na mwanzoni anakula vizuri. Kipimajoto cha bei ndogo kinaweza kukuepusha na chupa ya dawa ya ndigana ya bei kubwa. Homa ya mapafu ya ng'ombe nayo ipo, na hiyo ni ya kutoa taarifa serikalini, usiinyamazie.

Turudi kwa ndama 6 waliobaki. Bwana mifugo alihesabu pumzi za kila mmoja kwa dakika nzima, akitazama ubavu unavyopanda na kushuka. Ndama aliyepumzika hupumua mara 30 hivi. Wanne walikuwa kati ya 40 na 50. Mmoja alikuwa zaidi ya 80, amesimama miguu ya mbele imetanuka. Wa sita hakuwa akikohoa kabisa. Hata hivyo aliagiza wote sita watibiwe, naye yule mzima, kwa kuwa alikula majani yale yale. Kuhusu yule wa 80 alimwambia mfugaji wazi kwamba dawa itawaua minyoo, lakini minyoo waliokufa wakiwa wengi ndani ya mapafu yaliyokwisha haribika huweza kuziba njia na kuzidisha hali. Alifanyiwa yote, akawekwa kivulini, akafa siku ya pili. Hapo dawa haikuwa mbaya. Ilichelewa kwa siku kumi.

Katika kutoa dawa kulitokea jambo lingine. Mfugaji alikuwa na chupa ya albendazoli nyumbani, na jirani alimwambia kwamba ndama hupewa mililita 7. Ndama yule alipimwa kifua kwa utepe, akakadiriwa kilo 90. Kipimo ni miligramu 7.5 kwa kila kilo, yaani miligramu 675. Katika dawa ya asilimia 10, kila mililita ina miligramu 100, hivyo mililita 7 zingetosha. Lakini chupa ya mfugaji ilikuwa ya asilimia 2.5, yenye miligramu 25 tu katika mililita, na ndama huyo alihitaji mililita 27. Mililita 7 zingekuwa robo ya dozi. Ndugu zangu, jirani hakusema uongo. Chupa yake ilikuwa nyingine. Tazama asilimia iliyoandikwa, ndipo uchukue bomba la sindano.

Ndama anayekohoa asinyanyuliwe kichwa juu sana wakati wa kunyweshwa, dawa isije ikaingia mapafuni. Levamisoli na ivamektini za sindano zinafaa pia. Levamisoli haitaki kuzidishwa, na ivamektini huwa haipewi ng'ombe wa maziwa ya kunywa. Albendazoli asipewe ng'ombe mwenye mimba changa. Siku za kutokunywa maziwa na kutokula nyama zimeandikwa kwenye chupa.

Wenye mbuzi na kondoo, mnyoo wenu ni ndugu wa huyu lakini si yeye. Yule wa ng'ombe kwa kawaida hamshiki kondoo, ila mbuzi na kondoo huambukizana wao kwa wao. Huchukua wiki 5 hivi kukomaa, na ugonjwa huja taratibu: kikohozi kisichoisha, kamasi, na kukonda. Wapo na minyoo wadogo zaidi wa mapafu, wanaopitia kwenye konokono. Hao levamisoli haiwamalizi. Na mbuzi huitoa dawa mwilini haraka kuliko kondoo, hivyo dozi ya kondoo haimtoshi. Muulize mtaalamu kipimo cha mbuzi.

Albendazoli na levamisoli huua waliomo siku hiyo, kisha nguvu yake inakwisha. Kama ndama wangerudishwa bondeni kesho yake, wangeanza kumeza wengine, na kikohozi kingerudi baada ya wiki mbili au tatu. Kwa hiyo walifungiwa bandani wakaletewa majani ya mteremkoni, si ya bonde. Maana hata majani ya kukatwa hubeba lava kama yametoka pale pale. Bonde waliachiwa ng'ombe wakubwa, ambao kwa kuugua kidogo kidogo tangu utotoni wamejenga kinga, ingawa baadhi yao wanaendelea kuwa na minyoo michache na kuichafua ardhi. Ndio waliolichafua bonde kabla ndama hawajafika.

Nilipopita tena baada ya miezi miwili, wale watano walikuwa hai. Mmoja bado anakohoa akipandishwa kilima, na bwana mifugo anasema huenda pafu lake halitarudi kama lilivyokuwa. Mfugaji ametengeneza kipande kidogo cha mteremko kilichozungushiwa uzio, ambacho ng'ombe wakubwa hawakanyagi. Ndama wa mvua zijazo wataanzia hapo, naye amesema atawasikiliza kuanzia wiki ya pili, alfajiri, kabla ya kukamua.