Njia ya Lanczos: Kupata Thamani za Pembeni za Matriksi Kubwa Linganifu



Mada hii inahusu tatizo moja ambalo wanafizikia hukutana nalo mapema sana. Chukua duara la spini 20, yaani sumaku ndogo ndogo ambazo kila moja inaweza kuelekea juu au chini, na kila moja inavutana na jirani zake tu kwa kufuata modeli ya Heisenberg. Mipangilio inayowezekana ni 2 mara 2 mara 2 hadi mara ishirini, yaani 1,048,576. Matriksi ya nishati, tuiite A, ina safu na nguzo za idadi hiyo. Tukitaka kuandika kila namba yake kwa baiti 8, tutahitaji takriban terabaiti 8.8 za kumbukumbu. Vekta moja, kwa upande wake, inachukua megabaiti 8 tu.

Tunachotafuta ni nishati ya chini kabisa, yaani thamani aigeni ndogo kuliko zote. Hatuhitaji zile nyingine milioni moja. Isitoshe, sehemu kubwa ya matriksi ni sufuri, kwa hiyo kuizidisha kwa vekta ni kazi rahisi hata kama matriksi yenyewe haijaandikwa popote. Swali linakuwa hili: tukiruhusiwa kuzidisha A kwa vekta tu, mara chache, tunaweza kujua nini?

Cornelius Lanczos alitoa jibu mwaka 1950. Anza na vekta yoyote b, kisha pata Ab, halafu A²b, na kuendelea. Vekta hizi kwa pamoja hutanda nafasi ndogo inayoitwa ya Krylov, kwa jina la Aleksei Krylov, mhandisi wa meli wa Urusi. Vekta hizo zenyewe hazifai kufanyia hesabu, kwa sababu zote huelemea upande mmoja na baada ya hatua chache huwezi kuzitofautisha. Kwa hiyo tunazinyoosha: kila vekta mpya tunaiondolea sehemu zinazolala juu ya zile zilizotangulia, kisha tunaifanya iwe na urefu wa 1. Tunapata q₁, q₂, q₃ na kuendelea, kila moja ikiwa na pembemraba na nyingine zote.

Hapa ndipo ulinganifu wa A unapofanya kazi kubwa. Mtu angetarajia kwamba Aq₁₀ italazimika kusafishwa dhidi ya vekta zote kumi. Lakini tazama q₃: Aq₃ imo ndani ya nafasi inayotandwa na q₁ hadi q₄, kwa hiyo ina pembemraba na q₁₀. Kwa kuwa A ni linganifu, A inaweza kuhamishwa kutoka vekta moja kwenda nyingine bila kubadili zao la nukta. Basi Aq₁₀ nayo ina pembemraba na q₃, na hakuna cha kuondoa. Wanabaki jirani wawili tu:

Aqⱼ = βⱼ₋₁qⱼ₋₁ + αⱼqⱼ + βⱼqⱼ₊₁

Namba α hukaa kwenye mshazari mkuu wa matriksi ndogo T, na β hukaa kwenye mishazari miwili iliyo kando yake. Kwingine kote ni sufuri. Baada ya hatua 60 tuna T ya 60 kwa 60, ambayo kompyuta yoyote huitatua papo hapo, na thamani aigeni zake ndizo makadirio yetu.

Tujaribu kwa mkono. Weka A yenye 1, 2, 3, 4 na 10 kwenye mshazari na sufuri kwingine, ili majibu tuyajue tangu mwanzo. Anza na vekta yenye vijenzi vyote sawa. Hapo α₁ ni wastani wa thamani hizo, yaani 4, na β₁ ni kipeuo cha pili cha 10, karibu 3.16. Hatua ya pili inatoa α₂ = 7.6. Matriksi ya 2 kwa 2 tuliyopata ina thamani aigeni 9.44 na 2.16. Hatua ya tatu inaongeza β₂ = 2.22 na α₃ = 3.17, na sasa thamani ni 9.99, 3.49 na 1.29.

Tazameni mpangilio wa mafanikio hayo. Thamani ya 10 imefikiwa kwa kosa la chini ya 0.01 wakati ile ya 1 bado iko mbali, na 3.49 ya katikati haiwakilishi thamani yoyote. Sababu ni kwamba kila vekta ya nafasi ya Krylov ni polinomia ya A ikitenda juu ya b: kijenzi cha kila thamani aigeni huzidishwa kwa polinomia hiyo katika thamani hiyo. Polinomia ya digrii ndogo inaweza kubaki ndogo kwenye eneo lenye msongamano kisha ikapaa ghafla nje yake. Kupaa katikati ya msongamano, huku ikibaki ndogo pande zote mbili, kunahitaji digrii kubwa zaidi. Ndiyo maana pembeni hupatikana mapema, na ile iliyojitenga, kama 10 yetu, hupatikana kabla ya ile yenye jirani wa karibu.

Bila kulijua jibu, tutajuaje kwamba tumekaribia? Chukua vekta aigeni ya T yenye urefu wa 1, uzidishe kijenzi chake cha mwisho kwa β inayofuata. Zao hilo ni urefu wa baki, na thamani aigeni ya kweli ya A imo ndani ya umbali huo. Katika mfano wetu β₃ ni 0.94 na kijenzi cha mwisho cha vekta ya 9.99 ni 0.276, kwa hiyo baki ni 0.26. Kosa halisi ni dogo zaidi, kwa sababu ulinganifu hufanya kosa lipungue kama mraba wa baki ukigawanywa kwa umbali hadi thamani jirani: 0.26 mara 0.26, gawanya kwa 6, ni karibu 0.011. Kosa halisi ni 0.009.

Sasa matatizo. Kompyuta hukadiria desimali, na baada ya hatua kadhaa vekta q huacha kuwa na pembemraba. Kwa miaka mingi jambo hili liliwafanya watu waikwepe njia hii, hadi Christopher Paige alipoonyesha mwaka 1971 kwamba upotevu huo una mpangilio. Pembemraba hupotea pale hasa ambapo thamani moja imeshapatikana, na hupotea kuelekea vekta ya thamani hiyo. Mwelekeo uliokwisha kusafishwa hurudi kinyemela, na T huanza kuonyesha thamani ileile mara mbili, baadaye mara tatu. Thamani yenyewe ni sahihi. Idadi ndiyo ya uongo. Dawa ni kusafisha upya dhidi ya vekta zote, jambo linalokula kumbukumbu, au dhidi ya zile zilizopatikana tu, kama Parlett na Scott walivyopendekeza mwaka 1979. Maktaba ya ARPACK hufuata njia nyingine: huanza upya kila mara ikiwa na vekta chache zilizochujwa.

Tatizo la pili naliona zito zaidi, kwa sababu halitoi dalili ya kutisha. Rudini kwenye duara la spini 20, lenye mvuto unaopendelea jirani waelekee kinyume. Mtu akianza na vekta yenye vijenzi vyote sawa, kama tulivyofanya juu, ataona β₁ ni sufuri na kazi imekwisha katika hatua moja, baki likiwa sufuri kamili. Nishati atakayopata, kwa kipimo ambacho nguvu ya mvuto ni 1, ni 5. Hiyo ni thamani aigeni kweli, ila ni ya juu kabisa badala ya ya chini kabisa! Vekta ile ni hali ambamo spini zote zinaelekea upande mmoja, nayo ni vekta aigeni. Nafasi ya Krylov haiwezi kutoka humo, kwani A huirudisha palepale. Baki dogo huthibitisha kwamba tumepata thamani aigeni. Halithibitishi kwamba tumepata ile tuliyoitaka.

Kwa hiyo anzeni na vekta ya bahati nasibu, kama `eigsh` ya SciPy inavyofanya isipopewa `v0`, rudieni hesabu kwa vekta nyingine ya mwanzo, na katika kila ripoti andikeni baki kando ya thamani aigeni mliyoipata.