Barua kwa Mzazi wa Mwanafunzi Aliye Hatarini Kukariri Darasa: Wakati, Maudhui na Lugha Yake

Katika shule za msingi za Tanzania Bara, Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne, unaosimamiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, ni kizingiti ambacho mwanafunzi asiyekivuka hutakiwa kukariri darasa, yaani kurudia darasa lile lile mwaka unaofuata. Kwa kuwa upimaji huo hufanyika miezi ya mwisho ya mwaka, barua inayomfikia mzazi baada ya hapo humpa taarifa ya jambo ambalo hawezi tena kulibadili. Makala hii inashikilia kwamba wakati ufaao wa barua hiyo ni Julai, mwanzoni mwa muhula wa pili, matokeo ya mtihani wa muhula wa kwanza yanapokuwa mezani na ingali imebaki miezi kadhaa ya kufundisha.

Kasoro kubwa ya barua nyingi za aina hii ni kutaja alama na tabia bila kutaja stadi, yaani jambo mahususi ambalo mtoto anaweza au hawezi kulifanya. Mzazi anayeambiwa kwamba mwanawe “amepata E katika Hisabati na hajitumi” hajui aanzie wapi, na mara nyingi huanzia kwenye fimbo. Uchukuliwe mfano wa kubuni wa mwanafunzi ambaye, akitakiwa kutoa 178 kutoka 402, huandika 376 badala ya 224. Jibu hilo halitokani na uvivu, kwani katika kila safu mtoto ameondoa tarakimu ndogo kwenye kubwa, bila kujali ipi iko juu: 8 kutoa 2 ni 6, 7 kutoa 0 ni 7, na 4 kutoa 1 ni 3. Anajua kutoa, ila hajaelewa thamani ya nafasi, yaani kwamba mia moja inaweza kuvunjwa kuwa makumi kumi, na kumi moja kuwa mamoja kumi. Mwalimu aliyepitia daftari kwa makini hulitambua kosa hilo kwa sababu hujirudia kwa namna ile ile, tofauti na makosa ya haraka, ambayo hayana mpangilio.

Kwa mwanafunzi huyo, kiini cha barua kingeweza kusomeka hivi: “Ndugu Mzazi/Mlezi, mwanao anahudhuria vizuri na anajumlisha bila shida. Hata hivyo, bado hajamudu kutoa namba zinazohitaji kuchukua kutoka nafasi ya jirani, na anasoma kifungu cha Darasa la Pili kwa kusitasita, maneno 22 sahihi kwa dakika. Hali hii isipobadilika, huenda akakariri Darasa la Nne. Kuanzia Jumatatu ijayo atafundishwa katika kikundi kidogo siku za Jumatatu na Jumatano, saa 8:30 hadi saa 9:15 alasiri, bila malipo yoyote. Tunaomba nyumbani asome kwa sauti dakika kumi kila jioni, mbele ya mtu yeyote wa kumsikiliza.”

Maneno “bila malipo yoyote” si pambo, kwa sababu mzazi aliyezoea michango hudhani kila wito wa shule una bili ndani yake, na wengine hukwepa kufika kwa hofu hiyo tu. Vilevile ombi la kusikiliza linamfaa hata mzazi asiyejua kusoma, jambo ambalo agizo la “msimamie mazoezi yake” halizingatii. Barua isitoe ahadi kwamba mtoto hatakariri, wala isitaje ugonjwa, kwani mwalimu si tabibu. Akimwona mtoto akisogeza kitabu karibu mno na uso, anaweza kushauri apimwe macho kituo cha afya, na kuishia hapo. Masomo rekebishi, yaani mafundisho ya ziada yanayorudi kwenye stadi iliyokosekana, nayo yasielezwe kama adhabu, maana mtoto ataambiwa hivyo hivyo nyumbani.

Njia ya kufikisha barua ina uzito wake. Ikitumwa kwa mkono wa mtoto huweza kuishia mkobani, hasa kama ameshaisoma mwenyewe, hivyo ni salama zaidi kumpigia mzazi simu kwanza, kisha mwalimu wa darasa aisome pamoja naye shuleni na kumwachia nakala, huku nyingine, yenye sahihi ya mzazi, ikihifadhiwa kwenye jalada la mwanafunzi. Barua itaje pia tarehe ya kupima tena, tuseme mwishoni mwa Agosti, kwa kifungu cha kiwango kile kile na maswali ya kutoa ya aina ile ile, ili ulinganisho uwe wa haki. Walimu wa taaluma wanaombwa wasipitishe barua yoyote ya aina hii ambayo haina tarehe hiyo.