Andiko la Kuomba Uenyeji wa UMISSETA Mkoa: Kiwanja, Barabara na Mabweni

(Maelezo ya Ofisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa wananchi wa kata)



Nimetumwa niwaeleze kilichomo katika andiko ambalo Halmashauri inaliandaa kuomba uenyeji wa riadha ya UMISSETA ngazi ya mkoa. Wengi mmeniuliza kwa nini andiko halijapelekwa, ilhali kiwanja tunacho na shule za bweni tunazo. Jibu ni kwamba neno “tunacho” halitoshi katika andiko la namna hii. Wakaguzi wa mkoa watakuja na tepe, na kila sentensi tuliyoiandika wataipima.

Nianze na kiwanja, kwa kuwa ndipo penye ugumu. Sisi ni watu wa Uluguru. Tambarare kwetu ni mali adimu, na viwanja vingi vya shule vimechongwa ubavuni mwa mlima. Mzunguko wa mita 400 wenye njia sita unataka eneo la urefu wa mita 172 na upana wa mita 88, kabla hujaweka nafasi ya watazamaji. Aidha, mbio za mita 100 zinataka mstari ulionyooka wa mita 120 hivi: mita 3 nyuma ya mstari wa kuanzia, na mita 17 mbele ya mstari wa kumalizia ili mkimbiaji apate pa kupunguzia mwendo. Kiwanja kinachoishia kwenye ukingo wa bonde mita 5 baada ya mstari wa mwisho kitamvunja mtoto mguu.

Kuna pia suala la mteremko. Kanuni ya riadha inaruhusu ardhi ishuke kuelekea upande wa kukimbilia kwa kiasi kisichozidi sehemu 1 katika 1,000, yaani sentimita 10 tu katika mita 100. Macho hayaoni sentimita 10. Kipimo chake, hata hivyo, hakihitaji mtaalamu kutoka mjini: ni ule mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uliojazwa maji, ambao mafundi waashi wa hapa wanautumia kupata usawa wa msingi wa nyumba. Kwa kuwa mpira haufiki mita 100, fundi atapima kipande baada ya kipande na kujumlisha. Jumla ikitoka sentimita 60, basi mbio fupi za hapo ni za kuteremka mlima, na muda wake haufai kulinganishwa na wa mahali pengine.

Uchoraji wenyewe huanza na mstatili wa mita 84.39 kwa mita 73.20, unaowekewa vigingi kwenye pembe nne. Hapo ndipo makosa mengi huzaliwa, maana mstatili unaweza kuonekana sawa kumbe umelala upande. Njia ya kuutambua ni kupima kutoka pembe hadi pembe kwa kukatisha katikati: vipimo vyote viwili vitoke mita 111.71. Vikitofautiana, vigingi ving'olewe, kazi ianze upya. Baada ya hapo unasimama katikati ya kila upande mfupi, unashika kamba ya mita 36.60 na kuzungusha nusu duara. Huo ndio mstari wa ndani. Kwenye nyasi, pasipo ukingo ulioinuka, mkimbiaji huhesabiwa kuwa anapita sentimita 20 nje ya mstari huo, na hapo ndipo mita 400 zinapotimia. Kamba iwe ya katani iliyokwisha kuvutwa, au afadhali waya. Ya nailoni hurefuka mkononi mwa kijana mwenye nguvu na kona moja ikawa kubwa kuliko nyingine.

Njia zina upana wa mita 1.22, na katika mbio za mita 400 kila njia ya nje huanza mita 7.67 mbele ya ile iliyo ndani yake. Mzunguko ukipungua mita 10, anayekimbia mita 1,500 atakuwa amepunguziwa mita 37 na nusu. Atashinda hapa, ataingia timu ya mkoa, kisha kwenye mashindano ya taifa wataona muda wake haumfuati. Mtoto ndiye atakayeaibika, si sisi tuliochora.

Endapo eneo letu halitatosha, andiko litasema hivyo waziwazi na kuomba riadha ifanyike Uwanja wa Jamhuri mjini Morogoro, nasi tubaki na malazi. Uwanja huo ni mali ya Chama Cha Mapinduzi, kwa hiyo barua ya ridhaa yake sharti iambatishwe.

Kuhusu usafiri nitasema machache. Mkoa una halmashauri tisa, na Malinyi, Ulanga na Mlimba ziko mbali sana nasi: timu hupita Ifakara, ikatokea Mikumi, ndipo ifuate barabara kuu hadi Morogoro mjini. Timu hizo zitaandikiwa kufika siku moja kabla ya kukimbia, tena mchana. Reli ya TAZARA inapita Mlimba, Ifakara na Kisaki kwetu, na wapo waliopendekeza tuiandike. Mimi binafsi sikubali, kwa sababu kutoka Kisaki bado kuna barabara ya kuja Mvuha na Matombo, na mwezi Mei masika huwa hayajaisha upande wetu wa mashariki ya mlima, unaopokea mvua ya baharini. Kipande kinachoteleza kitatajwa kwa jina lake, pamoja na gari litakalobaki hapo kuvuta mabasi.

Malazi yana mtego wake. Ukihesabu vitanda vya shule mwezi Mei unahesabu vitanda vyenye wenyewe, na kidato cha sita huwa katika mtihani wa taifa mwezi huohuo. Shule hizo haziwezi kutoa bweni. Hivyo tunaomba tarehe za likizo ya Juni, na kila mkuu wa shule atasaini idadi ya vitanda vitakavyokuwa wazi.

Tuchukue mfano: halmashauri nane zikileta watu 60 kila moja, ni wageni 480. Wakiwa nusu wasichana, kwa kiwango cha shule cha tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, tunahitaji matundu 12 kwa wasichana na 10 kwa wavulana. Maji, kwa ndoo moja ya lita 20 kwa mtu, ni lita 9,600 kila siku. Vitanda tunaweza kuazima. Matundu ya choo hayaazimwi. Wasichana walale kwenye eneo la peke yao, lenye mlango unaofungwa kwa ndani, taa ya usiku na mlezi wa kike anayelala humohumo.

Ombi langu kwa kata hii ni mafundi waashi wawili wenye mpira wa maji, vigingi 40, na vijana wa kufyeka nyasi. Tutapima asubuhi na mapema, kabla jua halijailegeza tepe. Kitakachosomeka kwenye tepe ndicho kitakachoandikwa, na Mtendaji wa Kata atakibandika kwenye ubao wa matangazo kabla andiko halijapelekwa kwa Katibu Tawala wa Mkoa.