Mchango wa bili ya hospitali: pesa iliyoingia na ahadi ni vitu viwili



Leo naongea na wewe ambaye umeambiwa, "Simamia mchango wa mzee wetu." Jirani wa ploti amelazwa, familia haina kitu, na grupu ya WhatsApp ishafunguliwa. Kabla hujaweka namba ya M-Pesa pale, fanya kazi ya hospitali kwanza.

Nenda ofisi ya malipo na mtu wa familia, uombe bili ya muda iliyochapishwa, yenye jina na namba ya mgonjwa. Uliza SHA imelipa au italipa ngapi. Kama ni hospitali ya serikali, muone pia afisa wa ustawi wa jamii, maana yeye ndiye hupokea maombi ya kupunguziwa bili. Kinachobaki baada ya hapo ndicho mnachotafuta.

Tufanye hesabu ya mfano. Mzee wa Kimbo amelazwa Thika, bili ni shilingi 212,400. SHA inatoa 48,000. Mnatafuta 164,400. Lakini andika na tarehe, kwa sababu mgonjwa akiwa bado kitandani bili inapanda kila siku. Ukitangaza namba moja bila tarehe, wiki ijayo ukisema imefika 186,400 watu wataanza kunong'ona.

Sasa gawanyeni kazi kwa watu watatu. Mmoja anashika laini inayopokea pesa, wa pili anaandika daftari, wa tatu ni wa familia na anakubali kila malipo kabla hayajatoka. Mwenye laini asiwe ndiye mwandishi. Na hiyo laini isiwe ile anayonunulia unga na kulipia nauli, kwa sababu pesa zikichanganyika huwezi kuzitenganisha tena.

Penye shida zaidi ni hapa. Kwenye grupu watu huendeleza orodha: jina, 2,000, jina, 5,000. Siku ya tatu orodha ina majina 61 na jumla ni 131,500. Watu wanafurahi, familia inaambiwa tuko karibu. Ukifungua simu, kuna 88,500. Hakuna aliyeiba. Majina 24 yalikuwa ahadi, za jumla ya 43,000. Lakini yule anayesoma orodha hajui hilo, na hapo ndipo maneno huanza.

Kwa hivyo daftari liwe na safu mbili: ahadi, na iliyoingia. Jina linahama kwenda safu ya pili pale tu muamala unapoonekana kwenye taarifa ya M-Pesa ya laini ile, na namba ya muamala inaandikwa kando yake. Usikubali ujumbe uliotumwa tena kama ushahidi. Ujumbe wa M-Pesa unaweza kuandikwa na yeyote. Asiyetaka jina lake lisomwe, tumia namba ya muamala peke yake. Yeye mwenyewe ataitambua.

Kila jioni fanya hesabu moja: iliyoingia, toa iliyotoka, lazima ilingane na salio la simu. Tuseme mmelipa hospitali 80,000 na gharama ya kutuma ni 100. 88,500 toa 80,100 ni 8,400. Simu ikisoma 7,400, tafuta ile elfu moja usiku huohuo, wakati watu bado wanakumbuka.

Kulipa, usitoe pesa taslimu. Tumia Pay Bill ya hospitali, uweke namba ya mgonjwa kama walivyoelekeza, kisha uchukue risiti yao. Ujumbe wa M-Pesa unaonyesha pesa imetoka kwenu. Risiti ndiyo inayoonyesha imeingia kwenye bili ya mzee.

Kuna atakayekwambia, "Hii yangu ni zaka." Muulize imamu kwanza kama mgonjwa anastahiki, na uiandike kando. Kisha ilipe hiyo mwanzo kwenye bili, ili baki lolote la mwisho lisiwe na zaka ndani yake.

Baki nalo lisemwe siku ya kwanza litaenda wapi. Kwa mfano wetu: jumla iliyoingia 192,000, hospitali imelipwa 186,400, gharama za kutuma 300. Limebaki 5,300. Kama mlishakubaliana ni la dawa na kurudi kliniki, hakuna mjadala.

Mzee akitoka, weka kwenye grupu hizo namba nne pamoja na picha ya risiti, ukiwa umeficha ugonjwa wake na namba yake. Halafu funga mchango. Ahadi zilizobaki zisidaiwe hadharani. Pesa itakayoingia baadaye, mrudishie aliyetuma au umuulize kama iende kwa dawa.

Wabillahi tawfiq.