Cheupe Kinachoteleza Kwenye Unywele Si Yai la Chawa

Mazungumzo ya afya kwa wazazi, walezi na wasusi wa mitaa ya Eastlands



Mfano wa leo ni wa msichana wa miaka 7 anayeishi Umoja. Mwanzoni mwa muhula alisukwa matuta ya kubana sana, na usiku wa kwanza alilala akilalamika kuwa kichwa kinauma. Baada ya wiki tatu mama yake alimfumua, akakuta vitu vidogo vyeupe vimeshika nywele karibu na ngozi. Shuleni alirudishwa nyumbani kwa kushukiwa kuwa na chawa. Mama alinunua shampuu ya mba, kisha dawa ya chawa, akaitumia mara mbili. Vyeupe vilibaki. Jirani akamshauri ampake mafuta taa.

Mtoto huyo hakuwa na mba wala chawa. Alikuwa na maganda ya unywele. Unywele unapokua ndani ya ngozi huvikwa ala nyembamba, ambayo kwa kawaida humeng'enyuka kabla unywele haujatokeza nje. Unywele ukivutwa kwa nguvu siku nyingi, kipande cha ala hiyo hutoka pamoja nao. Hukauka na kuuzunguka kama shanga ndefu iliyotungwa kwenye uzi, urefu wake milimita chache tu. Hakiambukizi, na kwa kuwa si mdudu wala fangasi, dawa ya chawa haina la kuua hapo.

Namna ya kutambua ni rahisi. Mtoto akae karibu na dirisha lenye mwanga. Mzazi achague unywele mmoja wenye cheupe, aushike karibu na ngozi na kuunyoosha kabisa, kwa sababu nywele zilizojikunja huzuia hata ganda lisiteleze. Kisha akibane cheupe kwa kucha mbili na kukivuta taratibu kuelekea nchani.

Kikiteleza bila shida hadi kikatoka, na kiwe kimeuzunguka unywele pande zote, hilo ni ganda la unywele. Kikikataa kusogea, na kiwe na umbo la yai, kidogo kuliko punje ya simsim, kimegandishwa upande mmoja wa unywele, hilo ni yai la chawa. Mba hauhitaji kuvutwa: ni unga au magamba yanayodondoka mabegani nywele zikitikiswa, na mara nyingi ngozi ya kichwa huwasha.

Jaribio hili lina mpaka wake. Yai tupu lililokwisha kuanguliwa nalo halisogei. Nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo mayai yaliyo mbali na ngozi kwa kawaida ni ya zamani. Dalili ya uhakika ni kumwona chawa akitembea. Nywele ziloweshwe, zipakwe kondishona na kupitishwa kitana chenye meno ya karibu karibu, huku kitana kikipanguswa kwenye kitambaa cheupe. Chawa akipatikana, wote wa nyumba hiyo wakaguliwe, na dawa irudiwe kwa siku zilizoandikwa kwenye paketi.

Kwa msichana wa Umoja, tiba ilikuwa kuacha kuvuta. Nywele zilioshwa, zikapakwa kondishona, na maganda yakateremshwa kwa vidole na kitana. Kisha ziliachwa wazi kwa wiki kadhaa, na aliposukwa tena matuta yalikuwa malegevu. Maganda hayakurudi.

Mafuta taa yasipakwe kichwani kamwe. Huchoma ngozi, hushika moto kwa urahisi karibu na jiko, na mtoto akiyameza au kuvuta mvuke wake anaweza kuumia mapafu.

Maganda hayo yenyewe hayana madhara, lakini ni onyo kwamba mashina ya nywele yanavutwa. Wasusi wa saluni wasikubali usemi kwamba nywele zisipouma hazijasukwa vizuri. Maumivu, vipele kando ya matuta na nywele kupungua kwenye paji la uso ni ishara ya kufumua siku hiyo hiyo. Uvutaji ukiendelea kwa miaka, ngozi hufanya kovu na nywele za hapo hazioti tena.

Mtoto apelekwe kituo cha afya ikiwa maganda yanarudi bila kusukwa kwa kubana, ikiwa ngozi ina magamba mazito, au ikiwa kuna mabaka yaliyonyonyoka nywele. Mabaka hayo huenda yakawa mashilingi, ambayo huambukiza na huhitaji dawa ya kumeza; mafuta ya kupaka pekee hayatoshi.

Kabla ya kununua dawa yoyote, basi, unywele mmoja uvutwe kwanza.