Mgonjwa wa Saratani Aliyeanza Kulegea Miguu: Saa za Kuokoa Mwendo Wake

Tuchukue mfano wa mzee wa miaka 68 kutoka Mpwapwa, mwenye saratani ya tezi dume. Kwa wiki sita mgongo unamuuma katikati ya mabega. Maumivu huzidi akilala au akikohoa, na sasa yamezunguka kifua kama mkanda uliokazwa. Zahanati imempa dawa za maumivu. Picha ya eksirei haikuonyesha kitu, na hilo limewatuliza wote.

Halikupaswa kuwatuliza. Eksirei haioni ugonjwa mpaka sehemu kubwa ya mfupa iwe imeliwa. Saratani iliyofika kwenye pingili huvimba kuelekea mfereji wa mgongo, ikabana mishipa ya damu na ile mishipa ya fahamu inayoshuka miguuni. Siku mzee anapojikwaa, au anaposhindwa kuinuka kwenye kigoda bila kushika ukuta, muda uliobaki hupimwa kwa saa. Mkojo ukiziba, tumeshachelewa sana.

Kinachoamua matokeo ni hali ya miguu siku tiba inapoanza. Anayetembea kabla ya mionzi kwa kawaida huendelea kutembea. Aliyekwisha kupooza kabisa, ni wachache wanaoinuka tena.

Kwa hiyo, kama hakuna kizuizi, mzee apewe deksamethasoni miligramu 16 pale pale alipo, alazwe chali, na asafirishwe akiwa amelala. MRI ya mgongo mzima ipo Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Kwa saratani ya tezi dume ambayo bado haijatibiwa kwa homoni, kuondoa korodani hushusha homoni inayoilisha ndani ya siku moja. Upasuaji huo hospitali ya mkoa inaumudu, na usicheleweshe rufaa ya mionzi. Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, iko takriban kilometa 450 kutoka Dodoma. Simu ipigwe huko kabla matokeo yote hayajakamilika. Dozi moja ya grei 8 yaweza kumtosha mgonjwa aliye dhaifu.

Pingili ikiwa imevunjika na mfupa wenyewe ndio unaobana, mionzi haiwezi kuunyanyua. Hapo daktari wa upasuaji aitwe kwanza. Katika utafiti wa Patchell na wenzake wa mwaka 2005, wagonjwa waliochaguliwa, waliobanwa sehemu moja tu, walitembea kwa asilimia 84 walipofanyiwa upasuaji kisha mionzi, dhidi ya 57 kwa mionzi pekee.

Tahadhari moja kwa kanda yetu: kifua kikuu cha mgongo hufanana sana na hali hii. Asiyejulikana kuwa na saratani achukuliwe kinyama haraka kabla ya mionzi.

Ninawaomba waganga wa zahanati: mgonjwa wa saratani akilalamikia mgongo, mwambieni asimame, atembee mbele yenu. Akiyumba, mpelekeni siku hiyo hiyo, hata kama ni Ijumaa jioni.